Siku tatu kwa dashibodi moja: ninachofanya ndani ya Excel

Mama Mkurugenzi,

Juzi kwenye mahojiano uliniuliza kwa nini dashibodi ya ukurasa mmoja inanichukua siku tatu. Nilijibu kwa haraka, na niliona jibu halikukutosha. Acha nikuonyeshe kwa mfano wa depo za unga wa muhogo hapa Bukavu.

Hatua ya 1: Kukusanya. Ripoti za Ibanda, Kadutu na Bagira naziweka katika faili moja, kila mauzo kwenye mstari wake: tarehe, kiasi, depo. Faili zilizotoka depo sizigusi.

Hatua ya 2: Kusafisha. Siku mbili zinaishia hapa. Tazama mauzo haya manne, kwa dola, katika seli B2 hadi B5:

```
120
85,5
64.5
30
```

Ukijumlisha kwa mkono unapata 300. Excel iliyowekwa kwa Kifaransa, kama wengi wetu tunavyoitumia huku, inakupa 235,5. Yenyewe inatambua desimali kwa mkato. Hiyo 64.5 yenye nukta inaichukua kama maandishi, na SOMME, fomula ya kujumlisha, huyaruka maandishi bila onyo lolote. Nilipoanza kazi hii, pengo kama hilo lilinikesha usiku mzima, nikimshuku mtu wa depo kwamba ameficha pesa. Hakuwa ameficha kitu.

Kwa kawaida namba hukaa kulia mwa seli na maandishi kushoto, ila mtu akiwa ameziweka zote katikati huoni tofauti. Kwa hiyo nahesabu:

```
=NBVAL(B2:B5)
=NB(B2:B5)
```

Ya kwanza inahesabu seli zilizojazwa: 4. Ya pili inahesabu namba tu: 3. Basi kuna seli moja mbovu. Narekebisha kwenye safu ya pembeni, nukta igeuke mkato na maandishi yawe namba:

```
=CNUM(SUBSTITUE(B2;".";","))
```

Watu wengi hubadilisha nukta zote kwa mkupuo ndani ya safu ileile. Mimi sikubali, kwa sababu kilichoandikwa mwanzoni kinapotea. Na mtu akiandika 1.250, je, ni elfu moja mia mbili hamsini, au ni moja na robo? Fomula yangu itaandika 1,25 bila kusita. Hapo inabidi nipige simu depo, wafungue kaye, wanisomee mstari ule. Siku nyingine mwenye kaye yuko sokoni hadi jioni.

Hatua ya 3: Dashibodi. `Tableau croisé dynamique`, yaani jedwali linalojumlisha mauzo ya kila depo, kisha grafu ya nguzo, nguzo moja kwa kila depo. Saa moja inatosha. Grafu ya duara sitengenezi: Ibanda na Kadutu zikikaribiana, jicho haliwezi kusema ipi imeuza zaidi. Data mpya ikiingia, nabonyeza `Actualiser`, la sivyo grafu inabaki na ya wiki iliyopita.

Chini ya grafu utakuta namba mbili ndogo: mistari iliyopokelewa na mistari iliyohesabiwa. Zisipolingana, usiipeleke grafu hiyo kikaoni, nipigie kwanza.