Somo: Kupima ukomavu wa embe kwa rangi ya ganda, na mahali picha ya simu inapokwama

Siku hizi dalali wa soko la Kongowea, Mombasa, haji shambani. Anaandika tu, "Nitumie picha nione kama yako tayari," mkulima anapiga, wanapatana bei, na ugomvi unaanza mzigo ukishushwa. Somo hili ni la pande zote mbili. Nimejifunga kwenye maembe ya sokoni: Ngowe, Apple, Tommy, Kent na Keitt.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Embe la kusafirishwa huchumwa likiwa limekomaa, bado gumu, kisha huiva njiani au kwa kuvundikwa. Likichumwa changa, hata ulivundike namna gani halitakuwa embe la maana. Ganda litanyauka, na ndani utakuta nyama ya kutafuna kama mpira, chachu isiyo na harufu. Kwa hiyo swali la shambani ni ukomavu, na rangi ni shahidi mmoja tu wa jambo hilo.

Hatua ya 1: Ijue aina kabla ya kutazama rangi. Ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda, hutoka kijani kilichofifia hadi manjano ya kuelekea chungwa, kwa hiyo rangi yake inasema kitu. Apple nalo hugeuka manjano, mara nyingi likiwa na wekundu kidogo. Tommy huanza kuwa jekundu mapema mno. Keitt laweza kuiva kabisa ganda likiwa bado kijani. Mtu akikutumia picha bila kutaja aina, usimjibu kwanza.

Hatua ya 2: Uache wekundu, tafuta kijani. Hapa ndipo wengi huponzwa. Wekundu wa embe hutokana zaidi na jua kupiga ganda. Shavu lililotazama jua huwaka, lililojificha nyuma ya majani hubaki kijani, na yote mawili ni ya tunda moja lenye umri mmoja. Wewe geuza tunda, utazame upande wa kivulini, hasa karibu na kikonyo. Kijani kizito cha jani bichi kikianza kupauka na kuingiwa na manjano, tunda linakwenda kukomaa. Kama upande huo bado ni kijani kizito, shavu jekundu la upande wa pili lisikudanganye. Kwa Keitt, hatua hii haitakusaidia sana. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 3.

Hatua ya 3: Tazama mabega. Embe changa lina mabega yaliyoteremka kutoka kwenye kikonyo. Likikomaa, mabega hujaa na kupanda, mpaka kikonyo kinaonekana kama kimezama kwenye kishimo, na mashavu nayo hutuna. Mimi huamini mabega kuliko rangi.

Hatua ya 4: Kata. Chuma machache kutoka pande tofauti za mti, juu na chini, uyapasue kwa urefu. Nyama nyeupe kuzunguka kokwa maana yake bado. Manjano ikishaanza kwenye kokwa na kusambaa kuelekea ganda, na kokwa lenyewe ni gumu kiasi cha kugomea kisu, vuna. Kwa nini pande tofauti? Kwa sababu mwembe hutoa maua kwa mikupuo, na mti mmoja waweza kubeba matunda yaliyopishana umri kwa wiki kadhaa. Embe moja zuri haliwezi kuusemea mti mzima.

Hatua ya 5: Ikibidi kutuma picha, piga inayoweza kusomeka. Simu haipimi rangi ya embe. Inapokea mwanga uliogonga ganda, inakisia mwanga huo ulikuwa wa rangi gani, kisha inairekebisha picha ipendeze. Chini ya mwembe mwanga umepita kwenye majani, kwa hiyo kila kitu huegemea kijani. Jioni jua hupaka manjano. Ghalani, balbu ya manjano huivisha embe bichi kwa sekunde moja. Basi toka kivulini mwa mti, simama kwenye kivuli cha ukuta mchana kweupe, weka karatasi nyeupe kando ya tunda na uiache ionekane kwenye picha. Zima urembo wote wa kamera. Piga pande zote mbili za tunda, piga mabega kwa ubavu, kisha piga lililopasuliwa. Picha hii ya mwisho ina thamani kuliko zilizotangulia zote.

Tuchukue mfano. Kreti la Tommy limepigwa picha saa kumi na moja jioni juu ya turubai la manjano. Kwenye simu ya mnunuzi yanaonekana mekundu juu, ya dhahabu chini, na mtu angesema yanachelewa kuchumwa. Kesho yake asubuhi, matunda yaleyale yanawekwa kando ya karatasi nyeupe. Wekundu upo palepale, lakini ile dhahabu imetoweka, chini ni kijani kitupu, kwa sababu ilikuwa ya jua na turubai. Mabega yameteremka, na likipasuliwa nyama ni nyeupe. Kilichomwokoa mnunuzi hapa ni karatasi na kisu. Ukipokea picha ambayo karatasi yenyewe inaonekana ya manjano au ya kijani, jua kwamba na embe limepakwa rangi hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Makueni:* Mwalimu, nilinunua maembe ya manjano safi, hayana hata doa, lakini ndani ni magumu na machachu. Imekuwaje?

Yawezekana yalichumwa machanga yakaivishwa kwa kabidi. Gesi yake hugeuza ganda kuwa manjano, ila haiwezi kuongeza sukari ambayo tunda halikuiweka likiwa mtini. Kinyume chake pia hutokea: kwenye joto linalozidi nyuzi 30, embe lililokomaa laweza kulainika ndani huku ganda likibaki na mabaka ya kijani. Nusa karibu na kikonyo na ubonyeze kidogo, mambo ambayo picha haina.

*Kutoka Kwale:* Mimi sitofautishi vizuri nyekundu na kijani tangu utotoni. Nifanyeje, ndugu?

Anza hatua ya 3. Mabega na kisu havihitaji rangi hizo mbili, na nyeupe kwa manjano huenda ukazitofautisha bila taabu. Ongeza ndoo ya maji: embe changa huelekea kuelea, lililokomaa huelekea kuzama. Litumie jaribio hilo pamoja na kukata, lisiwe peke yake.

*Kutoka Kitale:* Naomba kutoka nje ya embe kidogo. Nimepiga picha mahindi yangu, maganda yamekauka yote. Nivune?

Picha yako inaonyesha maganda makavu, dada, haionyeshi kilichoyakausha. Ukame huyakausha kabla ya wakati, na ule ugonjwa wa virusi vya mahindi uitwao MLN, ulioripotiwa Bomet mwaka 2011, hufanya vivyo hivyo, huku punje zikiwa hazijajaa. Menya mahindi kadhaa, ng'oa punje za katikati ya gunzi, ukwaruze kitako pale ziliposhikana na gunzi. Ukikuta utando mweusi, punje imemaliza kujaa. Lakini hapo bado ina unyevu wa karibu asilimia 30 hadi 35, na ghala linataka 13.5, kwa hiyo utakuwa na kazi ya kuanika. Usipoukuta utando huo na shina bado ni zima, yaache. Kama shina nalo limekauka na kitako ni cheupe, hayatajaa zaidi. Mwite afisa kilimo ayaone shambani.