Kuandika mkopo wa benki vitabuni

Benki ikiidhinisha mkopo wa 10,000,000 na kukata ada ya 200,000 kabla ya kutoa fedha, akaunti yako itapokea 9,800,000, lakini deni linaloandikwa krediti ni 10,000,000 kamili; debiti benki kwa kilichoingia, na ada iwekwe katika akaunti yake ili igawanywe kuwa gharama katika muda wote wa mkopo.

Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, rejesho la kwanza la 888,488 lina riba ya 100,000, na 788,488 tu ndiyo inayopunguza deni. Mwezi unaofuata riba hushuka hadi 92,115. Salio la leja likitofautiana na la taarifa ya benki, mara nyingi riba imepunguzwa kwenye deni kimakosa.