Ukikojoa damu baada ya kuogelea ziwani, pima kichocho hivi

Mimi nafanya kazi maabara hapa Mombasa na kila wakati shule zikifunguliwa naletewa vijana wenye mkojo mwekundu, wengi washakula antibayotiki wiki nzima na damu haijakatika.

1. Hesabu tarehe kwanza. Mnyoo wa kichocho unaingia kwa ngozi ukiwa majini, maji yale yenye konokono, halafu unachukua kama miezi miwili mitatu kukua na kutaga mayai. Kwa hivyo kama umeogelea jana na leo wakojoa damu, hiyo si ya jana, tafuta ulioga wapi nyuma huko. Na ni maji baridi tu, bahari yetu haina kichocho.

2. Angalia damu inatoka mwanzo au mwisho wa mkojo. Ya kichocho mara nyingi inakuja mwisho mwisho, yale matone ya kumalizia, kwa sababu mayai yamekwama kwenye ukuta wa kibofu na kibofu kikijikaza kinavuja.

3. Mkojo toa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo wakati mayai yanatoka kwa wingi. Kabla ya kukojoa panda ngazi ama ruka ruka kidogo, halafu usimwage yale matone ya mwisho, hayo ndo tunayataka! Ulete maabara haraka.

Kuna kijana wa Likoni, likizo ya Disemba alikuwa Kwale kwa nyanyake, wanaoga ziwani kila jioni. Machi akaanza kukojoa damu. Zahanati moja ikampima saa moja asubuhi akaambiwa hakuna mayai, akapewa dawa za maambukizi ya mkojo. Alipokuja kwetu tukamwambia arudi saa sita, tukachuja mililita 10, na kwenye hadubini yai likaonekana wazi, refu kama mbegu, na mwiba mmoja kwenye ncha. Huo mwiba ndo unatuambia ni kichocho cha kibofu.

4. Wakikosa mayai mara ya kwanza usikubali yaishe hapo, peleka mkojo siku tatu tofauti. Yasipopatikana kabisa na damu bado inatoka, daktari aangalie mawe au uvimbe kwenye kibofu, hasa kwa mtu mzima. Damu ikiganda mpaka mkojo ukakataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

5. Dawa ni prazikwanteli, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, daktari ndo anaandika. Yule kijana ana kilo 45, kwa hivyo 1800, vidonge vitatu vya 600, akameza baada ya kula. Shida yake haiuwi minyoo michanga, ndo maana ukiinywa wiki moja tu baada ya kuogelea waweza kubaki na ugonjwa. Rudi upimwe tena baada ya wiki nne hadi sita, saa ile ile ya mchana, na wenzako mlioogelea pamoja waje nao hata kama hawaoni damu.