Neno linaanzia wapi? Kutengeneza na kupima mkondo wa silabi kwa mtoto wa miezi minane

Mtu mzima akisikia lugha asiyoijua, hasikii maneno. Anasikia mfululizo mmoja usio na nafasi kati ya neno na neno, na mtoto mchanga yuko katika hali hiyohiyo. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport walionyesha kwamba watoto wa miezi minane wanaweza kuukata mfululizo huo baada ya kuusikiliza kwa dakika mbili tu, bila mkazo wala kituo chochote cha kuwasaidia. Walichokuwa nacho ni hesabu: silabi gani hufuata silabi gani, na kwa uhakika kiasi gani.

Hapa nitakuonyesha jinsi ya kutengeneza mkondo wa namna hiyo mwenyewe, kuukagua, kisha kuuongezea mkazo. Hatua ya mkazo ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia.

Hatua ya 1: Elewa hesabu yenyewe

Uwezekano wa mpito kutoka silabi X kwenda silabi Y ni idadi ya mara XY zilipofuatana, gawanya kwa idadi ya mara X ilipotokea. Kama "no" imetokea mara 90 na kila mara ikafuatwa na "de", jibu ni 1.0. Kama "pi" imetokea mara 90 na "gu" ikaifuata mara 45, jibu ni 0.5. Ndani ya neno uwezekano huwa juu; mpakani hushuka, kwa sababu neno lolote laweza kufuata. Anayesikiliza anakata pale uwezekano unaposhuka.

Hatua ya 2: Tunga maneno yasiyo na maana, kwa sikio la msikilizaji wako

Usinakili maneno ya jaribio la awali bila kuyakagua. Mawili kati ya yale ya 1996 ni *bidaku* na *padoti*. Yasome tena polepole: ndani yake mna "daku" na "doti", maneno ambayo mtoto wa nyumba ya Kiswahili anaweza kuwa ameshayasikia. Nimetunga haya manne: *nodepi, gumelo, bikoru, zedaso*. Silabi ni kumi na mbili na hakuna inayojirudia. Kagua pia viungo vya mpakani, yaani silabi ya mwisho ya neno moja ikishikana na za mwanzo za lingine, maana neno halisi hupenda kujificha hapo.

Hatua ya 3: Sawazisha idadi kabla ya kitu kingine chochote

Kosa linaloharibu majaribio mengi ni hili. Ukiyapa maneno yote manne idadi sawa, tuseme mara 45 kila moja, basi *nodepi* litasikika mara 45, lakini *pigume* (mkia wa *nodepi* na kichwa cha *gumelo*) litasikika kama mara 15 tu. Mtoto akilitofautisha *nodepi* na *pigume*, hujui kama amefuata uwezekano wa mpito au amekumbuka tu kilichosikika mara nyingi.

Aslin, Saffran na Newport walilitatua jambo hili mwaka 1998 kwa mkondo wa dakika tatu. Maneno mawili yalitokea mara mbili zaidi ya mengine mawili. Kwetu, *nodepi* na *gumelo* yatokee karibu mara 90 kila moja, *bikoru* na *zedaso* mara 45. Ukihakikisha *nodepi* linafuatwa na *gumelo* mara 45, basi neno la mpakani *pigume* linasikika mara 45, sawasawa na neno halali *bikoru*. Tofauti inayobaki ni moja tu: ndani ya *bikoru* uwezekano ni 1.0 mwanzo hadi mwisho, na ndani ya *pigume* kuna pengo la 0.5.

Programu hii fupi ya Python inaupanga mkondo na kuuhesabu:

```python
import random
from collections import Counter

A, B, C, D = "no de pi", "gu me lo", "bi ko ru", "ze da so"
fuata = {A: [B, B, C, D], B: [A, A, C, D], C: [A, B], D: [A, B]}

while True:
    m = [A]
    while len(m) < 270:
        m.append(random.choice(fuata[m[-1]]))
    j = Counter(zip(m, m[1:]))
    if m.count(C) == m.count(D) == j[A, B] == j[B, A] == 45:
        break

s = " ".join(m).split()
moja, mbili = Counter(s[:-1]), Counter(zip(s, s[1:]))
for (x, y), n in sorted(mbili.items()):
    print(x, y, n, round(n / moja[x], 2))
```

Ipe muda, kwa sababu inarudia kupanga hadi idadi zitimie. Kwenye matokeo tafuta mistari miwili: `bi ko` iwe na 1.0, na `pi gu` iwe karibu na 0.5 ikiwa na hesabu ya 45. Isipokuwa hivyo, usiendelee.

Hatua ya 4: Geuza silabi kuwa sauti

Maneno 270 ni silabi 810. Kwa kasi ya silabi 270 kwa dakika, zinatimia dakika tatu, na kila silabi inachukua takriban milisekunde 222. Tumia sauti ya mashine iliyo bapa, isiyopanda wala kushuka. Anza na umalizie mkondo kwa sauti inayofifia polepole, la sivyo ukimya wa mwanzoni unamtangazia mtoto mahali neno la kwanza linapoanzia.

Mara yangu ya kwanza nililiingiza kila neno peke yake kwenye mashine, kisha nikaziunganisha sauti. Rafiki niliyemsikilizisha aliyataja maneno yote manne ndani ya nusu dakika, nami nikafurahi kupita kiasi. Nilipoufungua mkondo kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, na kupima, niliona silabi ya mwisho ya kila neno ni ndefu kuliko nyingine na sauti yake imeshuka. Mashine ilikuwa imeshaweka mipaka yenyewe. Tangu hapo naingiza mfululizo wote kwa pamoja, kisha napima silabi za mwanzo, kati na mwisho. Wastani wa urefu wake ukitofautiana, mkondo huo siutumii.

Hatua ya 5: Mjaribu mtoto

Mtoto anakaa mapajani mwa mzazi, taa moja kila upande. Taa inamulika, mtoto anageuza kichwa, na neno linarudiwa hadi aangalie pembeni kwa sekunde mbili au zipite sekunde 15. Unachopima ni muda aliosikiliza. Mzazi avae hedifoni yenye muziki, na anayebonyeza kitufe asijue ni neno gani linachezwa. Nusu ya watoto wapewe lugha ya pili ambamo mambo yamepinduliwa: *dasobi* na *koruze* ndiyo ya mara nyingi, *pigume* na *lonode* ya mara chache. Humo *pigume* ni neno kamili na *bikoru* ni la mpakani, kwa hiyo hakuna atakayesema watoto wamevutiwa tu na mlio wa neno fulani.

Usitegemee tofauti kubwa. Mwaka 1996 watoto walisikiliza maneno kwa wastani wa sekunde 6.77 na ya mpakani kwa 7.60. Walikaa zaidi kwenye yale mageni, na pengo halikufika hata sekunde moja. Kwa mtoto mmoja mmoja huwezi kusema lolote; jibu liko kwenye kundi.

Hatua ya 6: Ongeza mkazo, na uamue unauweka wapi

Chukua mkondo uleule. Refusha silabi ya kwanza ya kila neno na uipandishe sauti kidogo: GUmelo, NOdepi. Kwa mtoto anayekulia kwenye Kiingereza, ambamo mkazo mara nyingi huangukia mwanzo wa neno, hesabu na mkazo vinasema jambo moja: kata kabla ya GU.

Sasa usikilize kwa sikio la Kiswahili, ambamo mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisikia GU yenye mkazo, unatarajia silabi moja tu baada yake, kisha neno liishe. Kipande kinachokaa vizuri kinywani ni piGUme, kama vile kiTAbu na maTUnda. Yaani mkazo uliokusudiwa kusaidia umelivika neno la mpakani umbo zuri la Kiswahili. Ukiuhamishia silabi ya kati, guMElo, mambo yanageuka: sikio la Kiswahili linakubaliana na hesabu, na la Kiingereza linavutwa kuanza neno kwenye ME. Haya ni matabiri yanayotokana na kanuni za lugha hizo mbili, na mikondo hii miwili ndiyo ya kuyapima.

Umri nao unabadilisha jibu. Mwaka 2003 Erik Thiessen na Saffran waligombanisha hesabu na mkazo mbele ya watoto wa Kiingereza: wa karibu miezi saba walifuata hesabu, wa miezi tisa wakafuata mkazo. Maelezo yao yananiridhisha. Mtoto hawezi kujua mkazo wa lugha yake hukaa wapi kabla hajapata maneno machache ya kuutazamia, na hesabu ndiyo inayompa hayo ya kwanza. Lakini Johnson na Jusczyk, mwaka 2001, tayari waliwaona watoto wa miezi minane wakiupa mkazo uzito zaidi. Kwa hiyo usichanganye umri katika kundi moja. Wiki chache zinatosha kukupa matokeo yanayofutana.

Hatua ya 7: Peleka hesabu kwenye maneno halisi

Andika silabi za maneno ambayo wazazi huwaambia watoto wao, na uendeshe hesabu ileile, ila usihesabu jozi inayovuka kituo cha pumzi. Utakutana na jambo ambalo mkondo wa kutunga ulikuficha. Chukua *kitabu kizuri cha mtoto*. "Ki" hutangulia silabi nyingi sana, kwa hiyo kutoka ki kwenda ta uwezekano uko chini, na hesabu inakata ki | tabu. Kanuni ya mkazo inaliokoa neno hilo: ikiwa kila kipande kinaishia silabi moja baada ya mkazo, basi kila kilicho kati ya mwisho mmoja na mwisho unaofuata ni kitu kimoja, na *kitabu* linabaki zima, *kizuri* vilevile.

Halafu inafika kwenye "cha". Haina mkazo wake, na kabla ya mwisho unaofuata iko m-TO-to. Kanuni inatoa *chamtoto*, neno moja. Hapa hesabu ndiyo inayorudi kusaidia: "cha" hufuatwa na vitu vingi mno, uwezekano unashuka, na kipande kinakatika. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo iliyokata "ki" kutoka *kitabu*, na kwenye jedwali lako namba za hizo mbili zinaweza kukaribiana sana. Ziweke ubavuni kwa ubavuni na uangalie pia kinachotangulia kila moja, kwa sababu namba ya mbele peke yake haitakuambia ipi ni mpaka wa neno na ipi ni kiambishi.