Kuendesha hedifoni bila kuizamisha sauti: bafa ya emita

Hapa Langoni, Lamu, nililetewa redio na nikataka kuisikiliza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Nilipochomeka hedifoni yangu ya zamani, yenye ukinzani wa takriban om 220, sauti ilizama karibu yote. Chanzo chenyewe kilikuwa na ukinzani wa kiloom 1, kwa hiyo kati ya volti 1, hedifoni ilipata 220/1220 tu, yaani 0.18. Transista moja iliondoa tatizo hilo.

Hatua ya 1. Chukua BC547. Ukiangalia upande wake bapa, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. Kolekta iende moja kwa moja kwenye volti 12. Emita iende graundi kupitia rezista ya om 560. Beisi ipate rezista mbili: kiloom 47 kutoka volti 12, na kiloom 68 kwenda graundi.

Hatua ya 2. Washa kabla hujaunganisha sauti, upime emita. Nilitarajia volti 5.2 hivi, maana yake mkondo wa miliampia 9. Beisi iwe juu yake kwa takriban 0.65. Emita ikisoma sifuri, kagua miguu ya transista na zile rezista mbili. Huku kwetu kagua pia viungio, kwa sababu hewa ya bahari hula shaba upesi.

Hatua ya 3. Sauti iingie kwenye beisi kupitia kapasita ya maikrofaradi 10, na itoke kwenye emita kupitia ya 100. Chanya ya kwanza ielekee beisi, chanya ya pili emita.

Hatua ya 4. Pima kwa mawimbi ya hezi 400, ambayo multimita nyingi za bei nafuu huyasoma vizuri. Chanzo kikiwa volti 1, bila mzigo nje utapata 0.95, na ukiweka om 220 utapata 0.92. Ukinzani wa kutoka unajitokeza hapo hapo:

```
220 × (0.95/0.92 − 1) ≈ 7
```

Om 7, badala ya 1000 za chanzo! Transista haikukuza volti, ukuzaji wake ni kama 0.98. Kilichobadilika ni mkondo: beisi inachukua sehemu ndogo tu, takriban 1 kati ya 200, na kinachobaki kinatoka kwenye betri. Ndiyo maana chanzo kinaona kiloom 15, si om 220, na hizo 15 hupunguzwa zaidi na rezista za beisi kuliko na hedifoni.

Mpaka wake ni huu. Wimbi linapopanda, transista husukuma mkondo vizuri. Linaposhuka, haiwezi kuuvuta. Kazi hiyo hubaki kwa om 560 peke yake. Kwa mzigo huu, kina cha chini hakizidi volti 1.46 kutoka katikati, hesabu ikiwa miliampia 9.24 mara om 158 (560 na 220 sambamba). Ukizidisha, osiloskopu itaonyesha mabonde yaliyokatwa huku vilele vikiwa vizima, na sikio litasikia mkwaruzo. Hapo punguza sauti, au shusha ile 560 ili mkondo uongezeke, ukikumbuka kwamba betri italipia hata wakati wa ukimya.