Wakisema kila kipengele ni "muhimu sana": tumia maswali ya zaidi na kidogo

Rafiki anayetengeneza programu ya simu ya vikoba alinionyesha dodoso lake. Lilikuwa na vipengele 13, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 5, na karibu kila mtu alikuwa ameweka 4 au 5 kuanzia juu hadi chini. Kuongeza idadi ya watu hakungemsaidia. Kutoa alama ya 5 ni bure, kwa hiyo mtu anaigawa tu. Dawa yake ni kumwonyesha vipengele vinne kwa mara moja na kumlazimisha achague anachokihitaji zaidi na anachokihitaji kidogo kuliko vyote.

1. Safisha orodha. Kila kipengele kiwe kitu ambacho mtu anaweza kukikosa: hesabu ya riba, ujumbe wa kukumbusha marejesho, mfuko wa jamii, mgao wa kuvunja kikoba, kufanya kazi bila bando. "Usalama" na "urahisi" viondoe, maana hakuna atakayevikataa.

2. Panga makundi. Vipe vipengele namba 1 hadi 13. Swali la kwanza lina namba 1, 2, 4 na 10. Kwa kila swali linalofuata ongeza moja kwa kila namba, na ukipita 13 rudi 1: 2, 3, 5, 11, kisha 3, 4, 6, 12, endelea hadi maswali 13. Kila kipengele kitatokea mara nne, na kila jozi itakutana mara moja tu. Usipange kwa kukisia, kwani utajikuta vipengele viwili vikali havijawahi kushindanishwa. Ukiwa na vipengele 7, anza na 1, 2, 4 kwa mtindo huohuo, upate maswali 7 ya vipengele vitatu vitatu.

3. Tengeneza fomu. Hapa ndipo muda unapopotelea. Mimi hutumia Google Forms, kwani programu za kulipia kwa kazi ya ukubwa huu ni kutupa hela. Chagua "Multiple choice grid". Karibu kila mtu huweka vipengele kwenye mistari, na "zaidi" na "kidogo" kwenye safu. Ukifanya hivyo huwezi kulazimisha jibu: ukiwasha "Require a response in each row", fomu itadai mistari yote minne ijazwe, ukiizima, mtu anaruka swali.

Geuza. Mistari iwe miwili, "Nakihitaji ZAIDI" na "Nakihitaji KIDOGO", na vipengele vinne viwe safu. Sasa washa "Require a response in each row" pamoja na "Limit to one response per column". Lazima ajibu yote mawili, wala hawezi kutaja kipengele kilekile mara mbili. Gharama yake ni nafasi: kwenye simu ndogo safu hubanana, kwa hiyo majina yasizidi maneno matatu, na maelezo marefu yaweke mwanzoni mwa fomu. Jina liandikwe vilevile kila linapotokea. Nafasi moja ya ziada inatosha kuharibu hesabu.

Washa "Shuffle question order", lakini usichanganye mpangilio ndani ya swali. Katika mpango huu kila kipengele kinakaa mara moja katika kila nafasi. Mvivu anayebonyeza daima safu ya kwanza kwa ZAIDI na ya mwisho kwa KIDOGO atapata sifuri kwa vipengele vyote 13, nawe utamwona mara moja.

Malizia fomu kwa swali la kawaida, kwenye "section" yake ili lisichanganywe na mengine: "Vipi kati ya hivi ungevitumia kila mwezi?" Bila hilo utajua kipi kimeshinda, lakini hutajua kama hata mshindi ana mtu wa kumtumia.

4. Hesabu. Fungua majibu kwenye Google Sheets, na karatasi yake iite Majibu. Kwenye karatasi nyingine weka majina ya vipengele safu A, kuanzia A2. Kwa watu 60:

```
=SUMPRODUCT((RIGHT(Majibu!$B$1:$AA$1,6)="ZAIDI]")*(Majibu!$B$2:$AA$61=A2))
```

Kwa upande wa pili weka `7` na `"KIDOGO]"`. Toa KIDOGO kwenye ZAIDI, gawanya kwa 240 (watu 60 mara 4). Tuseme "Bila bando" imepata 96 na 24: alama yake ni 0.30. Jumla ya alama za vipengele vyote lazima iwe sifuri. Isipokuwa hivyo, tafuta jina lililoandikwa tofauti.

5. Soma safu mbili, si alama peke yake. Tuseme "Kura kwa simu" ina 84 na 78, na "Mahudhurio" ina 20 na 14. Zote zina 0.025. Mahudhurio hayamgusi mtu, ilhali kura imewagawa watu. Tenganisha viongozi wa kikoba na wanachama wa kawaida, uhesabu upya kila kundi. Mara nyingi mgawanyiko wa namna hii hukaa hapo, na kipengele kilichoonekana cha katikati kinakuwa cha kwanza kwa kundi moja na cha mwisho kwa jingine.