Jinsi ya Kuandika Ripoti ya Mtoto Aliyenusurika Kuzama Bwawani

Ripoti nyingi za bwawani ninazoletewa kusoma hapa Mbeya zina sentensi hii au ndugu yake: "Mtoto alizama kwa muda mfupi, mwokoaji akamtoa haraka, akapewa huduma ya kwanza na kupelekwa hospitali." Daktari akiisoma hapati cha kumsaidia, mzazi anabaki na maswali yaleyale, na mwenye bwawa hajui arekebishe nini. Muda mfupi ni sekunde ngapi? Mwokoaji alikuwa amekaa wapi, akitazama upande gani? Nani alipiga simu, kwa nani, saa ngapi?

Nitaonyesha ninavyoiandika mimi, kwa tukio moja la mfano nililolitunga kutokana na mambo yanayotokea kweli. Bwawa la hoteli jijini Mbeya, Jumamosi ya mwezi Julai, alasiri. Bwawa lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 10, kina kinaanzia mita 0.9 na kuishia mita 2.2. Waogeleaji 14, kati yao watoto 9. Waokoaji wawili wako zamu, tuwaite A na B. Mvulana wa miaka 9 anazama mahali sakafu inapoanza kuteremka kwenda kwenye kina kirefu.

Hatua ya 1: Hifadhi saa kabla ya kushika kalamu

Mtoto akishaondoka kwenda hospitali, kabla ya jambo lingine, piga picha orodha ya simu zilizopigwa kwenye kila simu iliyotumika. Kisha nenda kwenye kioo cha kamera, weka simu yako kando yake, upige picha inayoonyesha saa zote mbili kwa pamoja. Saa ya kamera karibu kila mara iko mbele au nyuma, na bila picha hiyo utakuja kubishana baadaye bila mwisho. Katika mfano wetu kamera ilisoma 16:48 wakati simu inasoma 16:44. Kamera iko mbele dakika 4.

Nakili picha za kamera siku hiyohiyo. Mashine hizi zikijaa hujifuta zenyewe, zikianza na za zamani.

Hatua ya 2: Chukua maelezo ya kila mtu peke yake

Mkalishe kila shahidi mbali na wenzake, mapema, kabla hawajakaa pamoja wakisimuliana. Wakishasimuliana, utapata hadithi moja yenye sahihi tano. Andika maneno yao kama walivyoyasema, hata kama hayakupendezi. Dada mkubwa wa mtoto alisema: "Nilimwona ameshika ukingo, nikageuka kumfunga mdogo wetu taulo, nilipotazama tena hayupo." Usiibadilishe iwe "dada hakuwa makini." Hiyo ni hukumu yako wewe, yeye hakusema hivyo.

Kuna jambo la saa hapa linalochanganya watu wengi. Shahidi atakwambia "kwenye saa kumi na robo", simu inaandika 16:12, na hospitali nayo itaandika kwa mtindo wa saa 24. Ndani ya ripoti tumia mtindo mmoja tu, na mimi hutumia wa saa 24. Ukinukuu shahidi, acha saa yake ya Kiswahili ilivyo, kisha mbele yake andika saa uliyoihakikisha.

Hatua ya 3: Jenga mfuatano wa matukio

Huu ndio moyo wa ripoti, na hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi zaidi. Usiulize mtu "alikaa chini ya maji muda gani?" Aliyeshtuka hawezi kupima muda; mmoja atasema nusu dakika, mwingine dakika tano, na wote wanasema kweli kama walivyohisi. Muda huo unautafuta mwenyewe kwa alama mbili: mara ya mwisho kichwa kuonekana juu ya maji, na wakati kichwa kilipotolewa nje ya maji.

Kwenye kamera, kichwa kinaonekana mara ya mwisho saa 16:13:10. Ondoa dakika 4, unapata 16:09:10. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, mfuatano unatoka hivi:

16:07:00 – Mwokoaji B anaondoka sehemu ya kina kifupi.
16:09:10 – Kichwa cha mtoto kinaonekana juu ya maji kwa mara ya mwisho.
16:10:35 – Mgeni aliyekaa ukingoni ananyoosha kidole majini na kupaza sauti.
16:10:40 – Mwokoaji A anapiga filimbi na kuruka majini.
16:10:55 – Kichwa cha mtoto kinatolewa nje ya maji.
16:11:05 – Mtoto amelazwa ukingoni.
16:11:20 – Mwokoaji A anaanza kumpulizia pumzi.
16:11:50 – Mtoto anakohoa na kutapika.
16:12 – Simu ya kwanza inapigwa.

Sasa hesabu. Kutoka kuonekana mara ya mwisho hadi kutolewa ni sekunde 105. Andika "si zaidi ya sekunde 105", kwa sababu kamera haioni chini ya maji na huenda pua ilipata hewa mara moja katikati. Namba hii ndiyo atakayoiuliza daktari kwanza, kwa hiyo iandike pia kwenye karatasi ndogo inayomfuata mtoto hospitali, usisubiri ripoti ikamilike.

Halafu igawe. Sekunde 85 zilipita kabla ya mtu yeyote kumwona, na 20 tu zilitumika kumfikia na kumtoa. Mafunzo mengi ya uokoaji yanataka mwokoaji apitishe macho eneo lake lote ndani ya sekunde 10, na awe na uwezo wa kumfikia mtu ndani ya sekunde 20. Kwa hiyo kuogelea kwa A hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kuona, na ripoti isiyogawa muda namna hii itamsifu A kwa kasi yake na kuliacha tatizo lilelile likisubiri mtoto mwingine.

Hatua ya 4: Chora nafasi za waokoaji

Tumia karatasi ya mirabamiraba, mraba mmoja kwa mita moja. Weka mshale wa kaskazini, kina cha maji kila panapobadilika, ngazi, miavuli na viti vya waokoaji. Kwa kila mwokoaji chora mshale wa upande aliokuwa anatazama. Weka alama ya X mahali mtoto alipokutwa, na nukta mahali alipoonekana mara ya mwisho.

Katika mfano wetu kiti cha A kiko ukingo wa mashariki, karibu na kina kirefu, na kinatazama magharibi. Mwezi Julai, saa kumi alasiri, jua la Mbeya liko kaskazini-magharibi na limeanza kushuka, na mwanga wake unarudi kutoka juu ya maji moja kwa moja machoni mwa aliyekaa pale. Hili usilieleze kwa maneno matupu. Kesho yake, saa ileile, kaa kwenye kiti kile upige picha kwa urefu wa macho ya mwokoaji. Katika picha ya mfano wetu, kona yenye X ni weupe mtupu. Mstari wa vigae vyeusi wa sakafuni unaonekana hadi katikati ya bwawa kisha unapotea. Picha hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Kisha andika habari za B bila kupindisha: "Saa 16:07 Mwokoaji B aliondoka kituoni kwa agizo la msimamizi wa zamu kwenda kupanga viti vya sherehe ya kipaimara bustanini. Hakuwekwa mtu badala yake. Kuanzia hapo Mwokoaji A alibaki na bwawa lote." Agizo lilitoka kwa nani, na kwa mdomo au kwa maandishi, ni lazima lionekane. Ukiandika tu "B hakuwepo", umemtwika mfanyakazi mzigo wa aliyemtuma.

Hatua ya 5: Eleza uokoaji kwa kitendo na alichoonyesha mtoto

Kila kitendo kifuatane na hali iliyoonekana. "Mtoto alikuwa amelegea, haitikii akiitwa wala akiguswa begani, kifua hakipandi. Mwokoaji A alifungua njia ya hewa na kumpulizia pumzi 5. Baada ya pumzi ya tano mtoto alikohoa, akatapika maji na chakula, akaanza kupumua mwenyewe. Alilazwa ubavu." Ongeza kwamba kifua hakikukandamizwa, na sababu yake: alishaanza kupumua. Kama kifua kingekandamizwa, ungeandika nani alianza, saa ngapi, mizunguko mingapi ya kukandamiza mara 30 na kupuliza mara 2, na nani alimpokea.

Epuka maneno kama "alikuwa amekufa akafufuka" au "hali yake ilikuwa nzuri." Badala yake: alisema jina lake au hakusema, midomo ilikuwa na rangi gani, alipumua kwa shida au la, povu lilitoka au halikutoka. Aliyepoteza fahamu majini, au anayeendelea kukohoa, anahitaji kuangaliwa hospitali kwa saa kadhaa hata kama anaongea na kuomba juisi, kwa sababu mapafu yanaweza kubadilika baadaye. Familia ikikataa kwenda, liandike hilo na saa yake.

Kwa nyanda za juu ongeza joto la maji. Julai bwawa lisilopashwa moto huku kwetu ni baridi kweli, na upepo wa jioni unamkuta mtoto akiwa amelowa. Katika mfano maji yalikuwa nyuzi 19. Andika saa aliyovuliwa nguo mbichi na kufunikwa blanketi: 16:13, na B aliyerudi mbio.

Hatua ya 6: Andika simu zote, hata zisizosaidia

Kwa kila simu: aliyepiga, namba aliyoipiga, saa, iliongelewa muda gani, aliyepokea ni wa cheo gani, na nini kilisemwa. Simu ambazo hazikupokelewa nazo zinaingia.

Hapa mfano wetu unauma. Simu ya 16:12 mhudumu wa mapokezi alimpigia meneja. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji aliipiga 16:15, na mapokezi ya hospitali 16:17. Gari la hoteli liliondoka na mtoto 16:24. Dakika 3 zilikwenda kwa meneja kwanza, na mhudumu akaeleza sababu: tangazo lililobandikwa mapokezi linasema dharura yoyote apigiwe meneja. Piga picha tangazo hilo uliambatishe.

Hatua ya 7: Funga na ugawe

Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, weka sahihi na saa, usifute. Mtoto mtaje kwa herufi za mwanzo tu kwenye nakala zote isipokuwa ile inayofungwa kwa meneja, na picha zake zisiingie kwenye kundi lolote la simu. Mapendekezo yakae ukurasa wa peke yake, mbali na matukio: kwa tukio hili ningeandika kiti cha A kihamie upande ambao jua la alasiri linakuwa mgongoni, mwokoaji asiondoke kituoni kabla mwenzake hajakaa, na tangazo la mapokezi liandikwe upya, 114 ikiwa juu na meneja wa mwisho. Kila pendekezo liwe na jina la atakayelitekeleza na tarehe. Taarifa za hospitali zikija kesho yake, ziongeze kama kiambatisho chenye tarehe yake, bila kugusa kurasa zilizokwisha kutiwa sahihi.